Rafiki Yako Ametimiza Mwaka Bila Pombe: Mpongeze Kama Mtu Mzima

Ujumbe wenyewe huwa mfupi: "Kesho natimiza mwaka tangu niache." Umeingia saa tatu usiku, hauna mbwembwe wala maelezo, na aliyeutuma ni mtu uliyewahi kumtoa baa ukimshika mkono, au uliyemkopesha pesa ya kodi huku ukijua haitarudi. Unafurahi kwa dhati. Lakini ukishika simu kujibu, unasita. Ukisema makubwa unaogopa utamtia presha, ukisema madogo ataona hujali. Mwishowe wengi huandika kile kile: hongera sana, Mungu akulinde, usirudi tena huko.

Nia ni njema, ila mwenzako amepokea hongera na onyo kwa pamoja, na onyo ndilo linalobaki kichwani. Yeye amekuletea habari ya kazi aliyoimaliza, nawe umemjibu kwa kumtajia namna anavyoweza kuiharibu.

Kumpongeza vizuri hakuhitaji ufasaha. Kunahitaji mambo mawili: kutaja jambo ambalo umeona amelifanya, kisha kumrudishia nafasi yake ya kawaida kati ya watu. La kwanza ni la siku hiyo. La pili linaanza kesho yake, na ndilo gumu.

Mwaka una nini ndani yake

Ni vizuri ujue unampongezea nini. Kwa mnywaji mzito, siku za mwanzo ni vita ya mwili. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho linamtoka, usingizi unapaa. Katika siku 2 za mwanzo wengine hupata degedege, na kati ya siku ya 2 na ya 4 wapo wanaochanganyikiwa kabisa, wakaona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua, ndiyo maana mtu aliyekuwa akinywa kutwa kucha hashauriwi kukata ghafla akiwa peke yake nyumbani bila kumwona daktari. Sehemu hii ndiyo ndugu na jirani huiona na kuisimulia. Ikipita, wanadhani kazi imekwisha.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Usingizi unaweza kuchukua miezi kabla ya kutengemaa. Hasira na huzuni ambazo zamani zilizimwa kwa bia mbili sasa zinakuja mchana kweupe na hazina pa kupelekwa. Halafu kuna kalenda. Aliyekunywa kwa miaka 15 pengine hajawahi kupokea mshahara wa mwisho wa mwezi akaupita mlango wa baa. Hajawahi kuzika mtu wa karibu akiwa na akili timamu usiku wa kwanza wa matanga. Hajaangalia mechi ya Simba na Yanga akiwa na soda mkononi. Ndani ya mwaka mmoja mambo haya yote yanamfikia kwa mara ya kwanza akiwa soba, na kila moja anajifunza kulipita bila kuwa na mazoea ya kulipita. Mwaka ukitimia, hakuna msimu ambao hajui ameuvukaje.

Kwa hiyo mwaka si namba ya mapambo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo lake la 2013, unaweka mpaka hapo hapo: aliyekaa angalau miezi 3 bila dalili za ulevi anahesabiwa kuwa katika nafuu ya mwanzo, na akivuka miezi 12 nafuu yake inahesabiwa kuwa imesimama. Wanaorudia pombe huirudia zaidi katika miezi ya mwanzo. Baada ya hapo hatari hupungua kadiri miaka inavyokwenda, ingawa haifutiki.

Wanaolijua hili kuliko wote ni walevi wenyewe walioacha. Vikundi vya AA, vilivyoanzia mji wa Akron, Ohio, mwaka 1935, vina desturi ya kumpa mtu medali siku anapotimiza mwaka. Wanampigia makofi, anasema machache, na kikao kinaendelea. Lakini katika vikundi hivyo hivyo mwenye mwaka hupewa na kazi: kufungua ukumbi, kupanga viti, kuchemsha chai, kumpokea mgeni anayetetemeka. Soba hausi nyingi za Zanzibar nazo zinaendeshwa na watu ambao wenyewe waliwahi kuwa waraibu. Hakuna anayewaambia wakae pembeni wapumzike kwa kuwa wametoka mbali. Wanapongezwa, kisha wanakabidhiwa funguo. Sisi wa nje tungeiga hilo tu, tungekuwa tumefanya mengi.

Uliza kwanza nani anajua

Kosa la kwanza hutokea kabla ya neno la hongera. Unafungua kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, unabandika picha yake, unaandika kwamba leo ndugu yetu ametimiza mwaka bila pombe, tumpigie makofi. Ndani ya dakika kumi kuna watu 40 wamejua kwamba alikuwa na tatizo. Yumo bosi wake wa zamani. Yumo shemeji aliyekuwa akidhani jamaa anaumwa vidonda vya tumbo.

Kwa Mwislamu wa Mombasa, Unguja au Tanga jambo hili ni zito zaidi. Pengine alikunywa kwa siri miaka yote na kuacha pia akaacha kwa siri, na hongera ya hadharani inamtangazia kosa ambalo mtaa haukuwa unalijua. Kwa mlokole aliyetoa ushuhuda kanisani mbele ya watu mia tatu, kinyume chake, kunong'ona naye pembeni kunaweza kumkera, maana yeye hana anachoficha.

Kwa hiyo uliza, na uliza kwa njia nyepesi: "Hii nimweleze nani, au tubaki nayo mimi na wewe?" Swali hilo peke yake ni heshima. Linamwambia kwamba habari ni yake na yeye ndiye mwenye kuamua inakwenda wapi. Ulizia na tarehe. Wapo wanaohesabu tangu siku ya mwisho kunywa, wengine tangu siku iliyofuata, wengine tangu siku waliyotoka soba hausi. Anayehesabu ni yeye. Usimsahihishe.

Taja tendo, usisifie hali

Pongezi nyingi zinakosa uzito kwa kuwa zinasifia hali: umebadilika, umekuwa mtu mpya, umependeza, umenawiri. Maneno haya hayana ubaya, ila angeweza kuyasema hata mtu ambaye hakuwepo. Tena yana miba ndani: ukimwambia amekuwa mtu mpya, unamwambia pia ulivyokuwa ukimwona yule wa zamani. Ukitaka kumtambua mtu kwa ujasiri wake, tafuta siku moja ambayo ujasiri huo ulionekana, umwambie uliuona.

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa Moshi. Ni mfano wa kutunga, lakini mtu wa Kilimanjaro atamtambua. Kila Desemba familia za Kichaga hurudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, mbuzi wanachinjwa kihambani, na mbege inatolewa. Mbege ni pombe ya ndizi mbivu na kimea cha ulezi, yenye uchungu wa magome ya msesewe. Nguvu yake ni ndogo ukilinganisha na konyagi. Nguvu yake kubwa iko mahali pengine: inanywewa kwa kata inayopita mkono kwa mkono, wazee wakitangulia. Kukataa bia baani ni kumkatalia mhudumu. Kukataa kata ni kumkatalia baba mkubwa mbele ya ukoo mzima.

Fundi wetu aliacha Machi. Desemba akawa kihambani, miezi 9 bila tone. Kata ikamfikia. Akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akampitishia aliyekaa kando yake, na akaendelea na habari ya bei ya mbao aliyokuwa akiisimulia. Mjomba mmoja akauliza kwa sauti kama sasa amekuwa Msabato. Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, akamwongezea mjomba nyama. Jambo zima halikuchukua dakika moja. Rafiki yake alikuwa amekaa upande wa pili wa uwanja, akaliona.

Sasa ni Machi nyingine, na rafiki huyo anataka kuandika. Angeweza kuandika hivi:

"Hongera sana kaka kwa kuacha pombe. Kwa kweli tulishakata tamaa na wewe. Mungu azidi kukuepusha na vishawishi na marafiki wabaya usije ukarudi kule. Jikaze, tunakuombea."

Isome kama anavyoisoma yeye. Sentensi ya pili inamrudisha kwenye aibu, tena inamfahamisha kwamba kulikuwa na vikao ambavyo hakuwemo. Ya tatu inamfanya mtu anayeviziwa, na kufuta kazi ya miezi 12 kwa kuiita bahati ya kutoonana na marafiki wabaya. "Jikaze" ni neno la kumwambia aliye katikati ya maumivu. Huyu amevuka. Hata "tunakuombea", ikikaa mwishoni namna hiyo, inasikika kama maombi ya mgonjwa.

Angeweza pia kuandika hivi:

"Fundi, leo mwaka. Nimekumbuka ile Desemba kwa baba mkubwa. Kata ilikufikia ukaipitisha, mjomba akakuchokoza, na hukupoteza hata mstari wa hadithi yako ya mbao. Nilikuwa upande wa pili, niliona. Kulitaka moyo, na ulikuwa nao. Hongera sana. Jumamosi mtori ni juu yangu, chagua wewe wapi. Na kabati la mama bado nalidai."

Ujumbe huu una vitu vitatu na hauhitaji zaidi. Kuna tendo, likiwa na mahali na watu wake, kwa hiyo hawezi kudhani ni maneno ya adabu tu. Kuna neno moja la uamuzi, kulitaka moyo, lisilorudiwa wala kutiwa chumvi. Na mwisho kuna mambo ya kawaida: chakula na kabati. Hilo kabati ndilo linalobeba heshima yote. Mtu anayedaiwa kabati ni mtu anayetegemewa kulimaliza.

Kama hukuwepo kwenye tukio lolote, usibuni. Muulize: "Katika mwaka huu, siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote?" Kisha nyamaza usikilize. Mara nyingi jibu litakushangaza. Unadhani ni Krismasi, kumbe ni Jumanne moja ya mvua, hakuna kazi, hakuna mtu nyumbani, na duka la vinywaji liko hatua ishirini. Akishakueleza, umepata cha kumpongezea.

Wahenga na kovu

Hapa kuna msomaji anayetikisa kichwa. Atasema wahenga hawakukosea: mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa nini nijifanye sijui kwamba anaweza kurudi?

Hakuna anayekuambia ujifanye. Lakini angalia ni nani kati yenu anayelijua kovu hilo vizuri. Aliyefikisha mwaka anajua njia gani asipite Ijumaa jioni, rafiki gani ampigie simu mate yakimjaa, na kwa nini asikae na njaa hadi usiku, maana njaa, hasira, upweke na uchovu ndivyo vinavyomsogeza mtu karibu na chupa. Amefanya mahesabu hayo kila siku. Wewe unayemkumbusha hatari unamkumbusha kitu ambacho hajawahi kukisahau, na unamwambia kuwa hujamwona akikifanyia kazi.

Tahadhari ya watu wengine ina sura zake, na anayefanyiwa huzitambua zote. Anaingia sebuleni, chupa zinapotea chini ya meza. Anasalimiana na shangazi, shangazi anamkumbatia sekunde mbili zaidi apate kumnusa. Anachelewa kikao nusu saa, simu tatu zinaingia. Anatolewa kwenye kamati ya harusi "asije akajaribiwa", na anazipata habari hizo kwa mtu mwingine. Kila moja kwa peke yake ni ndogo. Zikikusanyika zinamfundisha kwamba ameacha pombe lakini bado anaishi na jina la mlevi. Watu wengi waliosimama imara huchoshwa na hilo kuliko wanavyochoshwa na kiu yenyewe.

Ukiwa na wasiwasi wa kweli, useme mara moja, uso kwa uso: "Kwenye shughuli ya Jumamosi pombe itakuwepo. Unataka ukae meza gani?" Akijibu, fuata jibu lake. Akisema hatakuja, usimbembeleze wala usitafute sababu. Akisema atakuja na kuondoka saa mbili, muage saa mbili.

Siku yenyewe

Ukitaka kuifanyia siku hiyo kitu, fanya kidogo na umwachie uchaguzi. Ugumu wa miji yetu ni kwamba nyama choma nzuri mara nyingi iko baa, na hata mahali pa supu pana friji ya bia mlangoni. Wapo wenye mwaka ambao hukaa hapo wakala mbavu zao bila shida. Wapo ambao hawataki harufu wala kelele zake, na hawana haja ya kujieleza. Hutajua yeye ni yupi mpaka umuulize, na "chagua wewe wapi" inatosha kuwa swali.

Kinywaji nacho usimwamulie. Siku hizi kuna bia zinazoandikwa hazina kilevi, na mtu mwenye nia njema hununua katoni nzima ili mwenzake ajisikie yupo. Baadhi ya bia hizo zina kilevi kidogo, hadi asilimia 0.5, na hata zisizo nacho zina ladha, harufu na chupa ile ile. Kwa mmoja hazina neno. Kwa mwingine ni mlango ulioachwa wazi. Soda ya tangawizi, juisi ya miwa au chai ya maziwa haina utata, na akitaka kingine ataagiza mwenyewe.

Je, wewe unayekunywa uache siku hiyo? Ikiwa ni sherehe yake, mezani pawe pake. Kunywa bia ukimpongeza mtu kwa kuacha bia ni kukosa adabu tu, wala hakuna haja ya saikolojia kulieleza. Siku nyingine muulize mara moja, kisha uishi kama kawaida. Akikuambia kunywa kwako hakumsumbui, mwamini. Usifunike glasi kwa kiganja kila akikuangalia.

Zawadi nzuri ni ile inayohusu maisha yake ya sasa. Kwa seremala, randa au seti ya patasi. Kwa aliyerudi shule, ada ya mtihani. Kwa aliyeanza kukimbia asubuhi, raba. Zawadi hizo zinasema kwamba umeona muda wake unakwenda wapi. Kuhusu pesa taslimu watu hugawanyika, na ni kweli kwamba katika wiki za mwanzo pesa mkononi ni hatari kwa wengi. Baada ya mwaka, kama desturi yenu ni bahasha, mpe bahasha kama unavyompa mtu mwingine. Kumbadilishia yeye peke yake ikawa unga na sukari ni kumwambia kwamba hujamwamini.

Na akiombwa aseme neno, liwe ombi kweli. Usimgeuze mhubiri. Kuna familia ambazo, mtu akishaacha pombe, humpelekea kila kijana anayekunywa mtaani ili "amshauri". Anaweza kulipenda jambo hilo, na wengi hulipenda, maana kumsaidia mwenzako ni sehemu ya kupona kwao. Lakini siku ya hongera si siku ya kumkabidhi mpwa wako.

Jumatatu inayofuata

Sherehe ikiisha ndipo hongera inapopimwa. Mtu anayechukuliwa kuwa dhaifu hupewa vitu vinne: upole uliozidi, habari zilizochujwa, kazi nyepesi, na msamaha wa haraka. Vyote vinne mwondolee.

Mletee matatizo yako. Kama ndoa yako inayumba, kama mtoto amefeli, mweleze kama ulivyomweleza zamani kabla pombe haijamteka. Watu humficha mwenye mwaka habari mbaya wakiogopa zitamrudisha baani, matokeo yake anakuwa wa mwisho kujua mambo ya marafiki zake. Ametoka kwenye upweke wa ulevi akaingia upweke wa kuhurumiwa.

Mpe kazi yenye uzito. Kama kikundi chenu cha vikoba kinatafuta mweka hazina na yeye ndiye hodari wa hesabu, mpendekeze. Akikataa, ni sawa, huenda mwenyewe hajawa tayari kushika pesa za watu. Akikubali, akaguliwe kama mweka hazina yeyote anavyokaguliwa. Usimkague zaidi kwa ajili ya jana yake, wala usimkague kidogo kwa ajili ya huruma.

Na akikukosea, gombana naye. Akichelewesha kabati wiki tatu, mwambie umekasirika. Kumwachia kila kitu kwa kuwa "ametoka mbali" ni kumwondoa katika hesabu ya watu wazima. Rafiki anayekulaumu kwa kabati amesahau kukutazama kama mgonjwa, na hakuna pongezi inayolifikia hilo.

Utani nao urudi, ila mwache yeye aanze. Wengi walioacha pombe wana mzaha mkali kuhusu siku zao za ulevi, na wanapenda kuucheka wenyewe. Ikiwa mlikunywa pamoja na mna hadithi zenu, zitakuja zenyewe. Ikiwa hukuwemo, cheka zake, usitunge zako.

Mipaka ya furaha yako

Hongera yako ni yako, haiwafungi wengine. Mke aliyelala na viatu mlangoni miaka 8 akisubiri mlango ugongwe, au binti ambaye ada yake iliishia baa, anaweza asiwe na hamu ya keki. Mwaka wa kuacha pombe hauwalipi madeni yao, na rafiki hana mamlaka ya kuwaambia "si ameshaacha, msameheni". Ukitaka kumheshimu rafiki yako, usimtetee kwa watu aliowaumiza. Hilo ni jambo lake, na pengine ndiyo kazi ya mwaka wake wa pili. Ukimkuta mkewe, mpe na yeye salamu yake: "Najua mwaka huu na wewe umeufanyia kazi."

Kuna na siku ambayo hakuna rafiki anayeipenda. Umepata fununu kwamba ameonekana na chupa. Dalili unaweza kuziona mapema: ameacha kwenda kikundini, amerudi kwenye meza ya wale wale, anajibu simu kwa mkato, anakasirika akiulizwa alikuwa wapi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ushahidi, maana hata aliyechoka na kazi hufanya hivyo. Muulize yeye, usimuulize jirani: "Nimesikia umekunywa. Ni kweli?" Ukiweza kumdai kabati waziwazi, unaweza na kumuuliza hili waziwazi.

Akisema ndiyo, ule mwaka haujafutika. Siku alizozikaa alizikaa, na alichojifunza bado anacho. Atakachohitaji ni kurudi haraka kwa watu waliomsaidia mara ya kwanza, na kama amekunywa mfululizo kwa siku nyingi, apelekwe hospitali asimamiwe wakati wa kuacha, kwa sababu ya zile siku 4 za mwanzo. Usimwambie ulijua tu. Kama kweli ulijua tu, basi hukuwahi kumpongeza.

Lakini usiandike hongera yako ukiwa na siku hiyo kichwani. Leo ametimiza mwaka. Mwandikie kabla hujalala, taja siku moja uliyomwona akifanya kilichomshinda miaka mingi, na umkumbushe anachokudai au unachomdai. Kesho umpigie simu kwa jambo jingine kabisa.